Shangazi, nieleze vipi pesa zinapopotelea njiani?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni msichana wa Kilifi, niko Sharjah mwaka wa tatu sasa, nafanya usafi hotelini. Tunaishi Wakenya kumi na mmoja nyumba moja. Kila mwezi mshahara ukiingia tunabishana pa kutumia pesa nyumbani. Mmoja anasema programu fulani ya simu ni bure kabisa, mwingine anasema duka la pesa la chini ya jengo letu lina reti nzuri. Nilirekodi video ya dakika tisa nikaeleza ada na asilimia, nikaiweka kwenye kundi letu la WhatsApp. Wengi waliitazama nusu wakaacha, na mmoja akaniambia nimemchanganya zaidi. Nataka niirudie iwe fupi, imwingie hata asiyependa hesabu. Nianze na nini, niseme nini, niache nini?*
*Binti wa Kilifi, Sharjah*

Marahaba, mwanangu.

Asilimia zitoe zote. Kabla sijarudi Mombasa nilikaa miaka sita nyuma ya kioo cha duka la pesa, huko huko Sharjah, na sikumbuki mteja hata mmoja aliyeniuliza asilimia. Walikuwa wakiuliza mambo mawili: "Ada ngapi?" na "Reti ngapi leo?" Nikishawajibu wanabaki na namba mbili zisizojumlishika, moja ya dirham na nyingine ya shilingi. Hapo ndipo ubishi wenu unapozaliwa. Anayesifu "bure" ametazama ada peke yake. Anayesifu duka la chini ametazama reti peke yake. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja ameshika upande wake.

Kwa hiyo video yako ina kazi moja: kuwapa wenzako swali moja la kuuliza badala ya yale mawili. Swali lenyewe likariri kabla hujawasha kamera: "Nikitoa mfukoni dirham 1,000, ada na kodi zikiwa humo humo, mama atapata shilingi ngapi?"

Hayo maneno "zikiwa humo humo" usiyaruke. Mhudumu wa kaunta amezoea kuhesabu kwa njia nyingine. Ukimwambia unatuma dirham 1,000, atakutajia reti, atakuambia mama atapata kiasi fulani, halafu mwisho akuombe dirham 1,021. Zile 21 zimetoka mfukoni mwako lakini hazimo katika hesabu uliyoonyeshwa. Programu ya simu nayo huenda ikakata ada kutoka ndani ya zile 1,000. Ukilinganisha mmoja kwa 1,021 na mwenzake kwa 1,000, hujalinganisha kitu. Shika kiasi kile kile kinachotoka kwako, kila mahali, kisha soma shilingi zinazofika.

Kuna jambo jingine ambalo wewe lazima ulijue, ingawa kwenye video utalitaja kidogo tu. Ni ile reti yenyewe kabla mtu yeyote hajaweka faida yake. Watu wengi hawana pa kuitafuta, lakini nyinyi wa Imarati mna bahati. Dirham imefungwa kwa dola tangu 1997, dola moja kwa dirham 3.6725, na haijaondoka hapo. Kinachopanda na kushuka ni shilingi yetu peke yake. Basi tazama dola ni shilingi ngapi siku hiyo kwenye viwango vya Benki Kuu ya Kenya, chukua kikokotoo cha simu, ugawe kwa 3.6725. Dola ikiwa 129, unapata 35.13. Hizo ndizo shilingi zilizomo ndani ya dirham moja kabla ya mkono wa mtu kupita. Dirham 1,000 ni shilingi 35,130. Hutapewa zote popote, maana kila duka lina kodi ya pango na mishahara ya kulipa, lakini sasa unajua kikombe kilikuwa kimejaa mpaka wapi kabla hakijamiminwa.

Hesabu hiyo hiyo itakusaidia kumtuliza yule mwenzako mkongwe ambaye hakosekani nyumbani kwenu, anayesema, "Zamani duka hili lilinipa 43, sasa linanipa 34, wezi hawa!" Januari 2024 dola ilikaribia shilingi 160, na 160 ukigawa kwa 3.6725 ni 43 na kitu. Baadaye mwaka huo shilingi ikapata nguvu, dola ikashuka hadi karibu 129. Duka halikumwibia. Kilichobadilika ni shilingi, na maduka yote yalishuka pamoja. Kumlaumu muuzaji kwa jambo hilo kunamfanya ahame duka kwa sababu isiyo sahihi, na pengine ahamie pabaya zaidi.

Sasa tufanye hesabu yenyewe, kwa sababu video yote itasimama juu yake. Namba nazitunga kwa mfano, zako utazichukua siku ya kurekodi. Tuseme una sehemu tatu. Duka la chini ya jengo lina ada ya dirham 20, na juu ya ada kuna kodi ya ongezeko la thamani, 5 kwa kila 100, kwa hiyo ada inakuwa dirham 21. Reti yao ni 34.70. Sehemu ya pili ni ile programu ya "bila ada", reti yake 33.60. Ya tatu ni programu nyingine, ada dirham 10, ikiongezwa kodi ni 10.50, na reti 34.85.

Duka la chini: kutoka 1,000 toa 21, zinabaki 979. Zidisha kwa 34.70, mama anapata shilingi 33,971. "Bila ada": 1,000 zote mara 33.60, mama anapata 33,600. Ile ya tatu: zinabaki 989.50, mara 34.85, mama anapata 34,484.

Itazame ile ya bure. Haikukata hata senti moja kwa jina la ada, lakini ndiyo iliyomfikisha mama na kidogo kuliko zote. Kutoka 35,130 hadi 33,600 zimepotea shilingi 1,530, na zimepotelea ndani ya reti, mahali ambapo hakuna risiti inayoziandika. Aliyetoza ada waziwazi mara mbili ya mwenzake bado amemshinda aliyesema hatozi kitu. Siwaiti waongo, kwa sababu ada kweli hawakutoza. Wameihamishia faida yao pale ambapo macho ya mteja hayafiki.

Kati ya "bila ada" na ile ya tatu kuna tofauti ya shilingi 884. Kwa miezi kumi na miwili ni 10,608. Ile 884 ya mwezi mmoja ndiyo utakayoanza nayo video, kabla hujajitambulisha, kabla hujasema "habari zenu wapendwa". Watu walikuacha katikati kwa sababu ulianza na maelezo, na jambo lenyewe ukaliweka mwisho.

Hivi ndivyo ningeiandika mimi. Isizidi dakika tatu.

Picha: Meza. Karatasi mbili zimelazwa sambamba, kila moja imeandikwa namba moja kwa kalamu nene: 33,600 na 34,484. Mikono yako tu ndiyo inayoonekana.

Sauti: "Mtu mmoja ametoa dirham 1,000. Akipita huku, mama yake anapata shilingi 33,600. Akipita huku, mama yule yule anapata 34,484. Tofauti ni 884, mwezi mmoja tu. Na hii iliyoleta kidogo ndiyo iliyoandikwa bila ada."

Picha: Uso wako sasa, karibu.

Sauti: "Pesa zetu zinakatwa mara mbili. Mara ya kwanza ni ada, hiyo unaiona. Mara ya pili ni ndani ya reti, hiyo huioni. Leo dirham moja ina shilingi 35 na senti 13. Mwenye duka anakupa 34 na kitu, au 33 na kitu. Inayobaki ni yake. Anaweza kufuta ada kabisa na bado akala zaidi, kwa kushusha reti."

Picha: Karatasi ya tatu. Unaandika huku unasema, polepole.

Sauti: "Sasa usiulize ada. Usiulize reti. Uliza hivi: nikitoa mfukoni dirham 1,000, ada na kodi zikiwa humo humo, mama atapata shilingi ngapi? Andika jibu. Nenda sehemu ya pili, uliza vile vile. Nenda ya tatu. Namba kubwa ndiyo yako leo."

Picha: Skrini ya simu, umeandika 1000, namba ya shilingi inaonekana. Subiri sekunde tatu nzima bila kusema kitu, watu waisome.

Sauti: "Uliza zote ndani ya dakika kumi, maana reti hubadilika mchana huo huo. Na ukishapata jibu la leo, usilishike mwaka mzima. Mwezi ujao uliza tena."

Hapo ni kama dakika moja na nusu. Ukisimama hapo tayari utakuwa umewafaa. Lakini kuna kipande kimoja ningekusihi usikiache, kwa sababu bila hicho video yako itawapotosha wenzako wanaotuma kidogo kidogo.

Rudi kwenye mfano wetu, lakini safari hii mtu anatuma dirham 250. Duka la chini: toa 21, zinabaki 229, mara 34.70, ni shilingi 7,946. Programu ya tatu: 239.50 mara 34.85, ni 8,346. "Bila ada": 250 mara 33.60, ni 8,400. Umeona? Aliyekuwa wa mwisho sasa ni wa kwanza. Ada ya dirham 21 haijali unatuma ngapi, kwa hiyo kwenye 1,000 inameza kidogo na kwenye 250 inameza sana. Faida iliyofichwa kwenye reti inafanya kinyume chake, inakua kadiri pesa zinavyokua. Kwa namba hizi, duka la chini linaipita "bila ada" kuanzia kama dirham 660 kwenda juu. Chini ya hapo, aliyesifu bure alikuwa sahihi.

Nadhani ndiyo maana ubishi wenu hauishi. Bila shaka mmoja anatuma mshahara mzima mara moja, na mwingine anatuma mia mbili leo, mia tatu Ijumaa, kila mama anapopiga simu. Kila mmoja amepima kwa mfuko wake akapata jibu lake. Liweke hilo kwenye video kwa maneno machache:

Sauti: "Uliza kwa kiasi unachotuma wewe, usitumie kiasi cha rafiki yako. Anayetuma 250 na anayetuma 1,000 wanaweza kuwa na majibu tofauti, na wote wako sawa. Na ukiweza, unganisha. Mara nne za 250 dukani ni ada nne."

Ukizihesabu, ada nne za 21 ni dirham 84, wakati ukituma mara moja ni 21 tu. Huyo anayetuma kila Ijumaa amelipa dirham 63 zaidi kwa mwezi, na hizo ni zaidi ya shilingi 2,100. Lakini usimhukumu kwenye video. Wakati mwingine anatuma kidogo kidogo kwa sababu pesa nyingi zikifika pamoja nyumbani zinaisha siku hiyo hiyo. Hiyo ni sababu ya kweli, na anajua mwenyewe kama inalingana na gharama yake.

Sasa kuna mitego mitatu ya macho, uitazame wakati unachukua namba zako.

Wa kwanza niliuona kila siku pale kaunta. Baadhi ya risiti na ubao huandika reti kwa kuigeuza. Badala ya kusema dirham moja ni shilingi 34.70, inaandikwa shilingi moja ni dirham 0.02882. Ni kitu kile kile, lakini sasa namba kubwa ndiyo mbaya. Reti ya 33.60 ikigeuzwa inakuwa 0.02976. Mtu anaiona ni kubwa kuliko 0.02882, anafurahi, kumbe ameipokea ile mbovu. Ukikutana na namba inayoanza na sifuri, gawa 1 kwa hiyo namba, utarudi kwenye shilingi. Kwenye video usielezee hayo. Swali letu la "atapata shilingi ngapi" linauvuka mtego huo lenyewe, na hiyo ni sababu nyingine ya kulipenda.

Wa pili ni reti ya mgeni. Programu nyingi za simu zinampa anayetuma mara ya kwanza reti tamu kuliko ya kawaida, au zinamfutia ada. Ukichukua picha ya skrini kwenye akaunti mpya uliyofungua jana, utawaonyesha wenzako bei ambayo itadumu safari moja tu. Tumia simu ya mtu ambaye ameshatuma kwa programu hiyo mara mbili tatu. Wewe mwenyewe ichukue ofa ya mgeni bila kusita, ni pesa halali, lakini mwezi wa pili uulize tena swali lako kana kwamba huijui kampuni hiyo.

Wa tatu uko upande wa nyumbani, na kwenye video ya dakika tisa nadhani hukuugusa. Shilingi zilizofika kwenye simu bado hazijafika mkononi. Kama mama anapokea kwa M-Pesa kisha anaenda kwa wakala kutoa zote, kutoa kiasi cha kati ya 20,001 na 35,000 kunamgharimu karibu shilingi 200. Ada hiyo inapanda kwa ngazi, kwa hiyo akitoa 35,500 anaingia ngazi ya juu kwa ajili ya mia tano tu. Mwambie alipe dukani moja kwa moja kwa namba ya Till, ambako mnunuzi hatozwi, na atoe taslimu zile anazozihitaji kwa soko na nauli. Kama anapokea benki, uliza benki yake inamkata ngapi pesa zikiingia kutoka nje, na nauli ya bodaboda kwenda tawini na kurudi ni ngapi. Nimewahi kumhudumia mlinzi mmoja kutoka upande wa Malindi aliyekuwa anatuma benki kwa sababu reti yake ilizidi kwa senti kidogo. Alikuwa ameokoa shilingi mia na hamsini hivi. Mama yake alikuwa anatumia mia nne za nauli kuzifuata. Nilimwambia, akakaa kimya muda mrefu, halafu akaomba simu ampigie mama yake pale pale.

Sauti: "Mpigie aliyepokea. Muulize ameshika taslimu ngapi baada ya wakala na nauli. Namba hiyo ndiyo ya mwisho."

Namba hiyo ya mwisho, hasa ikiwa ni ya mama yako mwenyewe kwa jina la "mama yangu alishika 34,280", itawaingia watu kuliko mfano wowote wa kutunga. Mwombe ruhusa kwanza, kisha usionyeshe ujumbe wenyewe, maana una namba ya simu na jina lake kamili.

Na hilo linanileta kwenye yale ya kuacha nje ya video, mwanangu. Hapa nisikilize kwa makini.

Usitaje jina la kampuni kwa kuilaumu. Imarati sheria za mtandao ni kali, na kumwita mtu au biashara mwizi kwenye video kunaweza kukufikisha polisi hata kama hesabu yako ni sahihi. Usirekodi ndani ya duka wala usimchukue mhudumu au wateja bila ruhusa yao, kwa sababu kumpiga picha mtu bila idhini huko ni kosa. Ndiyo maana nimekuwekea karatasi na kalamu mezani. Ukionyesha skrini, ziba nembo kwa kidole au kwa kipande cha karatasi. Risiti usiionyeshe kabisa: ina namba ya kitambulisho chako, na kama pesa ni za kuchukuliwa taslimu, ina ile namba ya siri ya kuzichukulia. Hata bila hofu ya sheria, jina la kampuni lingeiua video yako ndani ya wiki chache. Reti ya mshindi wa leo inabadilika, na mtu ataitazama video Desemba akimbilie duka ambalo lilikuwa zuri Agosti. Swali halichakai.

Usitaje pia wale wanaobadilisha pesa kwa WhatsApp, hata kama mmoja wenu anawasifu. Unampa dirham mtu hapo, ndugu yake anamtumia mama shilingi kule, reti yao inapita hata ile ya benki kuu. Jiulize anapataje kukupa zaidi ya 35.13 wakati dirham moja haina zaidi ya hapo. Pengine shilingi zinazoingia kwa mama zimeibwa kwenye simu ya mtu mwingine, na mwenye mali akilalamika, laini itakayofungwa ni ya mama. Risiti huna, duka la kurudia huna. Kama swali likiulizwa kwenye kundi, lijibu hivyo kwa sauti, lakini video isiwe tangazo lao.

Kuna kosa dogo linalochelewesha pesa kuliko yote, nalo litaje kwa sentensi moja, kwa sababu pesa zilizokwama siku nne si pesa za bei nafuu. Ni jina. Mama anaitwa na kijiji kizima kwa jina moja, na kitambulisho chake kina jina jingine, au laini yake ilisajiliwa kwa jina la kaka yako. Kaunta inaandika ulilotaja, mfumo upande wa pili haulitambui, pesa zinarudi au zinasubiri. Mwombe mama akusomee jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, na ahakikishe laini ni yake.

Kuhusu kurekodi kwenyewe, sina mengi. Simu iegemeze kwenye vikombe viwili, ikitazama chini mezani. Kalamu iwe nene na nyeusi. Namba zisome kama watu wanavyozisema, "elfu thelathini na tatu na mia sita", kwa sababu wengine watakusikiliza wakiwa wamevaa spika za masikio kazini bila kutazama. Kila namba iseme mara mbili. Na mwanzoni kabisa, baada ya zile 884, sema tarehe ya siku hiyo na reti ya dola uliyotumia, ili atakayeikuta baadaye ajue namba hizo ni za lini.

Kabla ya kuiweka kundini, mwonyeshe yule aliyesema umemchanganya. Usimuulize kama amependa. Mpe simu yenye programu mbili, umwambie anataka kutuma dirham 400, na ukae kimya umtazame. Akiandika 400 pande zote mbili na kusoma shilingi za mwisho, video iko tayari. Akianza kutafuta palipoandikwa ada, rudi kwenye ile karatasi ya tatu, hapo ndipo ulipokwenda mbio.